Mwongozo wa mfumo wa ofisi: jinsi ya kuuandika simu zikome

Ofisi yetu ya Kisumu ilipoacha kuombea mafuta ya magari kwenye karatasi na kuhamia kwenye mfumo, mwongozo niliandika mimi. Kurasa 14. Bado simu hazikukoma: dereva yuko Busia, karani yuko Kakamega, swali ni lile lile. Nikauandika upya hivi.

Hatua ya 1: Kusanya maswali

Mwongozo wa kwanza ulieleza kila kitufe, kutoka juu hadi chini. Lakini dereva hatafuti kitufe, anatafuta mafuta. Kwa siku tatu niliandika kila swali nililopigiwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Hayo ndiyo yakawa vichwa: "Kuomba mafuta", "Kujua kama ombi limekubaliwa", "Kurekebisha kilomita ulizokosea".

Hatua ya 2: Andika tendo, kisha kitakachoonekana

Mwanzoni niliandika "Jaza fomu uitume", nikadhani nimemaliza. Nikaibadilisha, ikasomeka hivi:

1. Bonyeza `New Request`. Fomu itafunguka.
2. Kwenye `Odometer`, andika kilomita za dashibodi bila koma, kwa mfano 84213.
3. Kwenye `Litres`, andika lita unazohitaji.
4. Bonyeza `Submit`. Utaona `Pending`. Ombi limefika, linamsubiri meneja. Usitume tena.

Lile "usitume tena" lina historia. Watu walipoona `Pending` walidhani ombi limekwama, wakatuma la pili na la tatu, na asubuhi meneja akakuta gari moja limeombewa mafuta mara tatu. Koma nayo ilileta `Invalid value`, ujumbe usiosema kosa liko wapi. Onyo liweke ndani ya hatua yenyewe; likikaa chini ya ukurasa, msomaji atalifikia akiwa ameshakosea. Na ujumbe wa kosa unakili herufi kwa herufi, maana ndio atakaoutafuta.

Hatua ya 3: Jaribu ukiwa umenyamaza

Mpe rasimu mtu ambaye hajawahi kugusa mfumo, umwambie aombe lita 20. Kaa kando yake, funga mdomo. (Kwangu hii ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika.) Akisimama, akirudia kusoma mstari, au akikugeukia, tia alama hapo. Rekebisha mstari huo, kisha umpe mtu mwingine. Yule wa kwanza ameshajifunza njia, hawezi tena kukuonyesha ilipopotea.

Hatua ya 4: Picha chache, tarehe juu

Kitufe kikihamishwa, picha ya skrini inageuka kuwa uongo. Mimi nilibakisha moja tu, ya fomu. Juu kabisa niliandika tarehe ya marekebisho na cheo cha anayeutunza mwongozo.

Kuhusu koma, baada ya jaribio la tatu niliacha kuhangaika na maneno. Nilimwomba fundi wa mfumo aifanye fomu iikubali, kisha nikafuta "bila koma" kwenye hatua ya pili.