SOMO: Namna ya kusoma bonde ujue kama barafu ilipita

Wakuu, kuna watu wakiona bonde la umbo la U wanamaliza kesi hapohapo, limechongwa na barafu, yaani mto wa barafu unaosogea taratibu! Umbo peke yake halitoshi. Tutumie bonde la Yosemite, Kalifonia, maana pale dalili zipo nyingi.

Hatua ya 1: Jua nini kinachokata. Barafu yenyewe ni laini, haiwezi kukata mwamba mgumu wa granaiti. Kazi inafanywa na mawe iliyobeba tumboni. Maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba yanaganda, barafu ikisogea inang'oa bonge zima inaondoka nalo, halafu hilo bonge linakuwa kama msasa linasugua mwamba ulio mbele. Mto unakata kitako tu ndo maana bonde lake ni V, ila barafu inajaza bonde na kusugua mpaka kuta.

Hatua ya 2: Cheki mabonde ya pembeni. Barafu ndogo ya pembeni haikuchimba sana kama ile kubwa ya katikati, kwa hiyo zilipoyeyuka bonde dogo likabaki linaning'inia juu ukutani. Maji ya Bridalveil yanadondoka mita 188 hivi kutoka bonde la namna hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta moreni, yaani tuta la vifusi vilivyomwagwa pale barafu ilipoishia. Yosemite kuna moja linakatiza bonde karibu na jabali la El Capitan, lilikuwa limezuia ziwa, ziwa likajaa mchanga, ndo maana sakafu ya bonde imenyooka vile. Ukichimba moreni utakuta udongo wa unga, kokoto na mawe makubwa vyote vimevurugana. Mto unachambua mzigo wake kwa ukubwa, barafu inamwaga tu.

MASWALI

Mkuu, hata maporomoko ya ardhi yanavuruga mawe hivyohivyo, natofautishaje?

Swali zuri. Angalia mawe ni ya aina gani. Ya maporomoko yanafanana na mwamba wa mlima ulio juu yake, na mara nyingi kovu la pale yalipobomoka utaliona. Kwenye moreni unaweza kukuta jiwe ambalo mwamba wake uko mbali kabisa, kule juu bonde linakoanzia. Pia tafuta mawe yenye upande uliosagwa bapa na mikwaruzo, ila usitegemee granaiti yenye chembe kubwa, ikikaa juani na kwenye mvua inamomonyoka na mikwaruzo inapotea. Chimba kidogo, yale yaliyofukiwa yanatunza alama vizuri zaidi.

Kwa hiyo barafu iliyoacha hilo tuta ndo iliyochonga bonde?

Hapana, na hapa wengi wanachapia. Tuta ni la barafu ya mwisho, miaka kama 20,000 iliyopita, na ilikuwa nyembamba, haikujaza bonde. Kazi kubwa ya kuchonga ilifanywa na barafu za zamani zaidi zilizokuwa nene mno. Umri wa moreni unakuambia barafu ilisimama hapo lini, bonde lenyewe linaweza kuwa la kale zaidi.