Kabla ya kuutaja uamuzi mahakamani: mfano wa Muruatetu

Mwaka 2022 niliandaa hoja za maandishi kwa ajili ya mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Nguzo yangu ilikuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, wa tarehe 14 Desemba 2017, uliosema kwamba jaji hawezi kufungwa mikono na sheria inayomlazimisha kutoa adhabu ya kifo. Nilikuwa nimeusoma wote, nikapigia mstari aya ya 69. Upande wa mashtaka ulipopewa nafasi haukubishana nami hata kidogo. Ulimkabidhi jaji karatasi chache za maelekezo ya mahakama ileile, za tarehe 6 Julai 2021, zilizosema uamuzi ule unahusu mauaji tu, na hoja yangu ikaishia hapo. Mteja alikuwa amekaa nyuma yangu. Tangu siku hiyo sipeleki uamuzi wowote mbele ya jaji kabla ya kujua uliishije baada ya kutolewa, na njia ninayofuata ndiyo hii.

Kabla hujafungua Kenya Law, tovuti inayochapisha hukumu za Kenya, andika kwenye karatasi swali lako kwa sentensi moja, na ndani yake liwepo kosa lenyewe na kifungu chake. Mimi sikufanya hivyo. Swali langu kichwani lilikuwa "je, adhabu ya kifo ya lazima ni halali?", kumbe lilipaswa kuwa "je, ni halali kwa wizi wa mabavu, chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu?" Muruatetu alishtakiwa kwa mauaji, na kifungu kilichobatilishwa ni cha 204. Tofauti hiyo ya namba ndiyo iliyoniangusha, na ningeiandika ingenielekeza mapema.

Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kutafutia yawe ya majaji, si yako. Shida ni kwamba majaji hawaandiki kwa mkono mmoja. Kuna anayesema "mandatory death sentence", mwingine "mandatory nature of the death sentence", mwingine "sentence of death". Ukifunga sentensi ndefu ndani ya alama za kunukuu, utapata wale tu walioiandika hivyohivyo, na wengine watakupita. Funga kipande kifupi, kisha ongeza kifungu:

```
"mandatory nature" "296(2)"
Muruatetu "robbery with violence"
```

Jina nalo lina mitego yake. Makarani hukosea herufi, na kesi za makosa ya kingono mara nyingi hubeba herufi za kwanza tu za wahusika. Isitoshe, nukuu zenyewe zimebadilika: zamani kesi nyingi zilikuwa na mwaka na eKLR, sasa kuna namba inayotaja mahakama, kama KESC kwa Mahakama ya Juu, KECA kwa Mahakama ya Rufaa na KEHC kwa Mahakama Kuu. Hukumu ya 2017 utaikuta kwa sura zote mbili, kwa hiyo itafute kwa zote:

```
"Muruatetu" "[2017] eKLR"
"[2017] KESC 2"
```

Ukishapata matokeo, usiyachambue yote kwa pamoja. Chuja kwa mahakama, ukianzia juu kwenda chini. Jaji wa Mahakama Kuu akiusifu uamuzi kwa kurasa 10, sifa hizo hazimsaidii mteja wako kama Mahakama ya Juu imeshasema vingine. Kisha panga kwa tarehe, mpya zikitangulia. Mara nyingi tovuti hutanguliza matokeo yanayofanana zaidi na maneno uliyoandika, na yanayofanana zaidi huenda ni ya zamani. Ningechagua Mahakama ya Juu peke yake na miaka ya kuanzia 2018, ningeyaona maelekezo ya Julai 2021 yenye nukuu [2021] KESC 31 (KLR) kwa dakika chache.

Sasa tufike penye kazi yenyewe, yaani kufuata nyayo. Ukurasa wa hukumu huwa na sehemu inayoonyesha hati zilizoitaja baadaye. Ni msaada mkubwa, lakini orodha hiyo inakwambia kwamba uamuzi umetajwa, haikwambii umetajwa kwa heri au kwa shari. Fungua kila hukumu ya mahakama za juu, bonyeza Ctrl+F, andika jina la kesi, na usome aya nzima linapotokea. Jiulize kwanza: anayesema hapa ni nani? Mara nyingi jina hujitokeza mapema kwenye maelezo ya hoja za wakili wa mrufani, halafu mahakama ikaikataa hoja hiyo aya 15 mbele. Anayenakili sehemu ya kwanza anampelekea jaji maneno ya wakili mwenzake kana kwamba ni uamuzi.

Tuifuate kesi hii kwa utaratibu. Rudi nyuma kidogo: mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mutiso, ilikataa adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo, kwa majaji 5, ikageuka katika kesi ya Mwaura. Kisha Muruatetu akafika Mahakama ya Juu na uamuzi wa Mwaura haukuweza kusimama tena. Baada ya Desemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaanza kuitanua hoja. Kesi ya Kittiny, 2018, iliipeleka kwenye wizi wa mabavu. Ya Kilwake, mwaka huohuo, kwenye vifungo vya chini kabisa vilivyowekwa na sheria kwa makosa ya kingono. Mahakama nyingi za chini zikafuata. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wake unahusu mauaji tu, chini ya vifungu vya 203 na 204, na kwamba makosa mengine yanahitaji kesi zao zianzie Mahakama Kuu. Tarehe 12 Julai 2024, katika Republic dhidi ya Mwangi, [2024] KESC 34 (KLR), ikasimama palepale kuhusu kifungo cha chini katika kesi ya unajisi.

Kwa hiyo hukumu yoyote ya kati ya Desemba 2017 na Julai 2021 inayomtumia Muruatetu nje ya mauaji ishike kwa tahadhari kubwa. Huenda haikukatiwa rufaa wala kubatilishwa kwa jina, na ukurasa wake hauna alama yoyote ya hatari, ila msingi wake umeondolewa. Wakati huohuo usimzike Muruatetu: kwa mshtakiwa wa mauaji bado ana nguvu zote, na wakili anayemwacha kwa sababu amesikia "ilibadilishwa" anamnyima mteja haki yake.

Kuna mambo ambayo tovuti haitakupa. Si kila uamuzi hupakiwa, na uliotolewa wiki iliyopita huenda bado uko kwenye sajili ya mahakama. Kama kesi unayoitegemea ni ya miezi ya karibuni, ulizia huko kama kuna notisi ya rufaa, kwa sababu hilo halitokei kwenye utafutaji.

Mimi siku hizi, chini ya kila kesi ninayoitaja, huandika kwenye rasimu tarehe niliyoifuatilia mara ya mwisho na maneno niliyotumia. Jioni ya kuamkia kusikilizwa, ninayaandika tena maneno yaleyale na kusoma kilichoongezeka tangu tarehe ile.