Kuondoa utando wa moshi kwenye picha ya familia bila kuziharibu nyuso

Tuchukue picha ya familia iliyopigwa jioni pale Coco Beach, wakati moshi wa majiko ya mishikaki umetanda nyuma yao na kidogo umewafikia. Moshi huongeza mwanga hafifu juu ya kila kitu, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo utando unavyokuwa mzito. Ukivuta Dehaze, kitelezi cha kuondoa utando katika programu ya kuhariri picha ya Lightroom Classic, kwa picha nzima mpaka minazi ya nyuma ionekane vizuri, nyuso zilizo karibu zitakuwa zimepewa dawa kupita kiasi: mashavu yanakuwa meusi na vivuli chini ya macho vinakaza.

Kwanza, omba faili halisi. Kama itatumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, kwa kuwa picha iliyobanwa hutoa mabaka mara tu utando unapoondolewa.

Pili, sahihisha rangi kwa Temp, kitelezi cha ubuluu na unjano, kabla ya kugusa Dehaze, kwa sababu Dehaze hukoleza rangi, na ubuluu wa moshi ukiachwa utakolea pia. Pima kwenye kitu cheupe kilicho karibu na kamera, kwa mfano kanzu ya baba, wala si kwenye anga.

Tatu, fungua Masking, sehemu ya kuhariri eneo moja tu la picha, chagua Select Subject ili watu wachaguliwe, kisha igeuze kwa Invert ili ubaki na mandhari ya nyuma peke yake. Hapo Dehaze ya 30 hadi 35 hutosha. Kagua kingo za nywele: ukiona mstari mweupe kuzizunguka, punguza.

Nyuso ndizo zinazohitaji subira. Tengeneza eneo jingine kwa Select People, uchague ngozi ya uso, kisha weka Dehaze 6 tu, Blacks -10 na Exposure +0.20. Ngozi nyeusi ndiyo inayopauka zaidi kwa moshi, kwani mwanga ulioongezwa huonekana sana penye giza. Kwa hiyo kushusha Blacks huirudishia kina chake, na Exposure huzuia uso usizame. Clarity usiipandishe kabisa, maana ndiyo inayochonga mikunjo ya bibi na kumfanya aonekane mgonjwa.

Jicho huchoka na kuzoea, hivyo peleka kishale kwenye paji la uso na usome namba zilizo chini ya histogramu. Katika picha hii zilikuwa R 46, G 43, B 42. Zikikaribiana hivyo, ngozi ni ya kijivu. Baada ya marekebisho, pamoja na Temp +5 kwenye eneo la nyuso, zilisomeka R 47, G 37, B 30: nyekundu imeongoza, buluu imebaki nyuma, na ngozi imerudisha uhai.

Mtoto wa pembeni alipitiwa na wingu zito usoni. Yeye hushughulikiwa peke yake kwa Brush, kidogo kidogo. Lakini pale ambapo moshi umeufunika uso kabisa, hakuna kitelezi kitakachourudisha, na ni afadhali kuchagua picha nyingine ya mfululizo huohuo.