Somo: PDF zinafunguka kwa Edge badala ya Acrobat Reader (Windows 11)

Ukibofya faili mara mbili, Windows haichunguzi kilichomo ndani. Inatazama kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina kama .pdf, kisha inaangalia ni programu gani imepangiwa kukifungua. Kikiwa kimepangiwa Edge, PDF zote zitaenda Edge hata kama Reader ipo. Ndiyo maana kuifuta Reader na kuiweka upya mara nyingi hakusaidii kitu.

1. Onyesha viendelezi kwanza. Fungua folda yoyote, bofya View > Show > File name extensions. Usiruke hatua hii: faili linaloitwa barua.pdf.exe huonekana "barua.pdf" viendelezi vikifichwa, na hilo ni programu, si PDF. Usilifungue.

2. Bofya PDF kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open with > Choose another app.

3. Bofya Adobe Acrobat mara moja tu, halafu bonyeza Always. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabonyeza Just once, faili linafunguka vizuri, kesho yake Edge imerudi. Kwenye Windows 10 hakuna kitufe cha Always; weka tiki kwenye "Always use this app to open .pdf files", kisha OK.

4. Hakikisha. Nenda Settings > Apps > Default apps, andika .pdf kwenye kisanduku cha juu. Jina la Acrobat likitokea, kazi imekwisha. Likiwa bado Edge, libofye hapo hapo ubadilishe.

Maswali ya wanachama

Mkuu, Acrobat haipo kwenye orodha.
Shuka chini kabisa, bofya "Choose an app on your PC", uitafute ndani ya C:\Program Files\Adobe. Unachotafuta ni faili la .exe la programu yenyewe, si njia ya mkato ya kwenye deskitopu.

Nimetumia assoc kwenye CMD, mbona hakuna kilichobadilika?
Amri hiyo hugusa mpangilio wa kompyuta nzima, ila chaguo la mtumiaji ndilo lenye nguvu. Limehifadhiwa kwenye rejista:

```
HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.pdf\UserChoice
```

Usilihariri kwa mkono. Pembeni ya ProgId, yaani jina la programu uliyochagua, kuna Hash, msimbo unaolilinda. Zisipooana, Windows hulitupa chaguo lako. Na kwa kuwa ni la mtumiaji, kila akaunti ya kompyuta hiyo irudie hatua hizi.

Kwangu PDF za kwenye folda ziko sawa, ila za mtandaoni bado zinafunguka ndani ya Chrome.
Hizo Chrome inazifungua yenyewe bila kuiuliza Windows. Andika chrome://settings/content/pdfDocuments, chagua Download PDFs.

Nilichagua Notepad kwa bahati mbaya, zinatoka herufi za ajabu. Faili limeharibika?
Hapana ndugu, kulifungua tu hakuliharibu. Lifunge bila kuhifadhi, kwa sababu Notepad ikilihifadhi inaweza kulivuruga kabisa. Kisha rudi hatua ya 2.