Kikinga radi cha kebo kifungwe kwenye athi ya jengo lenyewe
Kwa wenzangu wa Kisumu na Kakamega, ambako ngurumo za alasiri ni za kawaida: ikiwa kebo ya mtandao ya shaba inaunganisha swichi za mtandao za majengo mawili, weka kikinga radi katika kila ncha, pale kebo inapoingia ukutani, kisha unganisha waya wake wa athi na athi ya umeme ya jengo hilohilo. Usichimbie kikinga fimbo yake ya pekee isiyounganishwa na athi hiyo. Radi ikipiga karibu, ardhi chini ya fimbo mbili hupanda volti tofauti kwa maelfu, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia swichi, ambayo inashika athi ya soketi upande mmoja na kebo upande wa pili. Athi zikiwa moja, vyote hupanda na kushuka pamoja. Waya huo uwe mfupi na ulionyooka, nusu mita ikiwezekana, kwa sababu mkurupuko wa umeme wa ampea 5,000 unaweza kuongeza takribani volti 600 kwa kila mita, hata waya ukiwa mnene. Kama kebo inapeleka umeme kwa kamera, chagua kikinga kinachoruhusu umeme huo, la sivyo kamera haitawaka. Kikinga hakiokoi kitu radi ikipiga kebo yenyewe, na hufa kimyakimya baada ya mikurupuko mingi. Kwa kiungo kipya, mimi ningetandaza faiba isiyo na waya wa chuma ndani yake.