Jinsi ya kuomba idhini ya opsheni za hisa Marekani, na hesabu ya kufanya kabla hujajaza fomu

Ukiwa na akaunti kwa dalali wa hisa Marekani, unaweza kununua hisa mara fedha zako zinapoingia. Opsheni zina utaratibu wake. Kanuni namba 2360 ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali huko, inamtaka dalali akuchunguze na kukupa idhini kabla hujagusa hata mkataba mmoja. Mwongozo huu ni kwa anayeishi Marekani, ana akaunti ya hisa tayari, na anataka idhini ya kununua opsheni tu. Suala la kuuza opsheni nitaligusia kidogo, kwa sababu fomu itakuuliza.

Kwanza ujue unachoomba. Opsheni ni mkataba unaokupa haki bila kukulazimisha. Ule ulioandikwa Call unakupa haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa leo, na ule ulioandikwa Put unakupa haki ya kuziuza kwa bei iliyopangwa. Bei hiyo ya makubaliano kwenye skrini inaitwa Strike. Kila mkataba una siku ya kuisha, na kwa kawaida mkataba mmoja ni wa hisa 100. Haki hiyo unailipia ada, na ada hairudi. Ni kama kumwachia mwenye kiwanja kishika uchumba ili asipandishe bei kwa miezi miwili: ukighairi, fedha zimekwenda. Tofauti ni kwamba kwenye opsheni, hata ukiamua kununua, ada haikatwi kwenye bei.

Kwa Waislamu kuna jambo la kulijua mapema. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu lilitoa azimio mwaka 1992 kwamba mikataba ya opsheni kama inavyouzwa kwenye masoko ya dunia haijuzu. Muulize mwanachuoni unayemwamini kabla hujaendelea.

Sasa ombi lenyewe. Ingia kwenye akaunti, fungua mipangilio, utafute sehemu iliyoandikwa Options Trading au Apply for Options. Utaulizwa kipato chako cha mwaka, mali yako yote, fedha unazoweza kuzipata haraka bila kuuza nyumba, kazi yako, miaka uliyofanya biashara ya hisa na ya opsheni, na lengo lako. Jibu ukweli. Watu hushauriana kuongeza miaka ya uzoefu ili wapewe kiwango cha juu, na huo ni ushauri mbaya sana: majibu yako ndiyo kinga yako siku ukitaka kulalamika kwamba dalali alikuruhusu kitu kisichokufaa.

Kisha utachagua kiwango. Namba hutofautiana kati ya dalali na dalali, kwa hiyo soma maelezo na usiangalie namba peke yake. Mara nyingi kiwango cha chini kinaruhusu kuuza Call juu ya hisa ulizo nazo tayari, kinachofuata kinaruhusu kununua Call na Put, na cha juu kabisa kinaruhusu kuuza bila kuwa na hisa. Anayeanza achague kile cha kununua. Mnunuzi hawezi kupoteza zaidi ya ada aliyolipa na kamisheni. Aliyeuza Call bila hisa hana mwisho wa hasara, kwa kuwa bei ya hisa haina dari.

Kabla ya kusaini utapewa waraka uitwao Characteristics and Risks of Standardized Options. Dalali analazimika kukupa. Ni mrefu, lakini usiruke sehemu zinazoeleza utekelezaji wa haki na hatari za mnunuzi. Baada ya hapo ombi linapitiwa na msimamizi mwenye leseni ya opsheni. Ukikataliwa, uliza sababu. Taarifa zako zikibadilika kweli, unaweza kuomba tena.

Wakati unasubiri jibu, fanya hesabu hii kwa mkono. Tuchukue hisa ya mfano yenye bei ya dola 50 leo. Unadhani itapanda, unachagua Call yenye Strike 52 inayoisha baada ya miezi miwili. Ada imeandikwa 1.80. Namba hiyo ni kwa hisa moja, hivyo mkataba utakugharimu dola 180. Wengi hushtukia hapo. Siku ya kuisha, hesabu ni hii:

```
matokeo = max(0, bei ya hisa - Strike) × 100 - ada ya mkataba mzima
```

Hisa ikifunga kwa dola 49, hakuna atakayetaka kununua kwa 52 kitu kinachouzwa 49. Haki imekufa, na umepoteza dola 180 zote. Ikifunga kwa 58, haki ina thamani ya dola 600. Toa ada, faida yako ni 420. Linalowachanganya watu ni katikati. Hisa ikifunga kwa 53 imepanda kama ulivyotabiri, na haki yako ina thamani ya dola 100, lakini ulilipa 180. Umepata hasara ya dola 80 ingawa ulitabiri sawasawa. Mizani inalingana kwenye 53.80, yaani Strike ukijumlisha ada ya hisa moja. Kabla ya kununua, jiulize kama kweli unaamini hisa itavuka bei hiyo, na kabla ya tarehe hiyo.

Put inageuza hesabu. Chukua Strike 48 kwa ada ya 1.50, yaani dola 150. Hisa ikianguka hadi 42, haki ina thamani ya dola 600, na faida ni 450. Mizani iko kwenye 46.50. Ikifunga juu ya 48, dola 150 zimepotea. Mwenye hisa 100 mkononi hununua Put kama kinga: hata hisa ikifika 30, ana haki ya kuziuza kwa 48.

Idhini ikishatoka, agizo la kununua ni Buy to Open, na uweke bei yako mwenyewe kwa kuchagua Limit. Kwenye mikataba isiyo na wateja wengi, pengo kati ya Bid, bei ambayo wanunuzi wako tayari kulipa, na Ask, bei ambayo wauzaji wanataka, huwa kubwa, na agizo la Market, lisilo na bei uliyoipanga, litakununulia kwa bei mbaya.

Kutoka, usingoje dakika ya mwisho. Shirika la OCC, linalosimamia malipo ya mikataba hii, hutekeleza lenyewe opsheni yoyote yenye thamani ya kuanzia senti moja siku ya kuisha. Ile Call ya 52 ikifunga kwa 53, utauziwa hisa 100 na kudaiwa dola 5,200. Kama akaunti ina dola 600 tu, dalali anaweza kuuuza mkataba wako saa chache kabla soko halijafunga, kwa bei atakayoipata. Put nayo ikitekelezwa bila wewe kuwa na hisa, utakuwa umeuza usichonacho. Ndiyo maana wengi huuza mkataba mapema kwa Sell to Close.

Na ikifunga kwa 52.05? Haki ina thamani ya dola 5, lakini utabeba hisa za dola 5,200 mpaka soko lifunguliwe tena. Ikiwa huzitaka na hukuweza kuuza mkataba, mpe dalali agizo la Do Not Exercise, yaani haki isitekelezwe, siku hiyohiyo ya kuisha, kabla ya saa ya mwisho aliyoipanga. Saa hiyo itafute siku unaponunua.