Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujiondoa kwenye Barua Pepe za Matangazo

Jambo la kwanza kuamua, kabla kidole hakijagusa neno lolote chini ya barua, ni kama mtumaji unamfahamu na kama uliwahi kumpa anwani yako kwa hiari. Hoteli uliyolala ulipokwenda semina, duka la mtandaoni ulilonunulia viatu, mgahawa wa Mikocheni uliokuomba barua pepe ndipo ukuruhusu kutumia waifai yake: hawa wanajulikana, wana jina la kulinda, na ukiwaambia waache, kwa kawaida wataacha. Asiyejulikana haombwi kuacha, kwa sababu ombi lako ndilo jibu alilokuwa akilisubiri.

Inafaa kueleza jibu hilo lina thamani gani, maana watu wengi hudhani kwamba wasipobofya chochote, mtumaji hatajua kama anwani yao ipo. Kwa kweli hilo mara nyingi anaweza kulijua tayari, kwani anwani isiyokuwepo kwa kawaida hukataliwa na seva inayopokea, na iliyopo hupokelewa kimyakimya. Asichokijua ni kama nyuma ya anwani hiyo kuna mtu anayefungua barua, anayezisoma na anayebonyeza viungo. Kubofya kiungo cha kujiondoa kunamjulisha hayo yote kwa mara moja, na anwani iliyothibitishwa hivyo huuzika kwa urahisi zaidi kwa watumaji wengine wa barua taka.

Kwa hiyo, kabla hata ya kufungua barua unayoitilia shaka, zima upakiaji wa picha. Kwenye Gmail, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya `Images`, kisha uchague `Ask before displaying external images`. Barua nyingi za matangazo hubeba kijipicha kisichoonekana kwa macho, ambacho anwani yake ya mtandaoni imetengenezwa kwa ajili yako peke yako. Picha hiyo ikipakiwa, mtumaji anapata taarifa kwamba barua imefunguliwa. Gmail hupitisha picha kwenye seva zake na hivyo kuficha mahali ulipo, lakini haifichi kwamba umefungua. Faida ya pembeni ni kwamba bando nalo linapumua.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, tumwite Anna, ana barua mbili asizozitaka. Moja imetoka kwa hoteli aliyowahi kulala, na nyingine inamtangazia kwamba ameshinda zawadi. Zote mbili zina kiungo cha kujiondoa, na kwa kuzitazama juujuu zinafanana. Akiwa kwenye kompyuta anafungua menyu ya vidoti vitatu juu ya barua ya hoteli, anachagua `Show original`, na katikati ya maandishi mengi anakuta mistari hii:

```
From: Ofa <habari@hoteli.example>
List-Unsubscribe: <https://barua.hoteli.example/ondoa?k=7f3a9c>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Mistari miwili ya mwisho ndiyo njia salama zaidi ya kujiondoa. Utaratibu huo wa mbofyo mmoja uliandikwa mwaka 2017 katika waraka wa kiufundi uitwao RFC 8058, na tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo wanawadai watumaji wa matangazo kwa wingi wautumie na watekeleze ombi la kujiondoa ndani ya siku 2. Programu ya barua ikiisoma mistari hiyo, na ikimwamini mtumaji, huweka kitufe cha `Unsubscribe` juu kabisa, karibu na jina lake. Anna akikibonyeza hicho, ombi linapelekwa na mtoa huduma wake wa barua; yeye mwenyewe hafungui ukurasa wowote, na kivinjari chake hakigusi tovuti ya mtu. Ndiyo maana kitufe cha juu kitangulie daima kabla ya kiungo kilicho ndani ya barua. Hata hivyo akisome kwanza kisanduku kinachojitokeza, kwa sababu pale ambapo mtumaji hakuweka utaratibu huo, programu inaweza kumwambia aende kwenye tovuti, na hapo kinga hiyo haipo tena.

Juu ya ukurasa huohuo wa `Show original` kuna maneno SPF, DKIM na DMARC, ambavyo ni vipimo vya kuhakiki barua imetoka wapi, na mbele ya kila moja huwa na neno `PASS` mambo yakiwa sawa. Hapa wengi huteleza. `PASS` inathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kinachotajwa, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani ya mtumaji. Haisemi kwamba mwenye kikoa ni mwaminifu. Tapeli aliyesajili kikoa chake jana anaweza kupata `PASS` zote tatu. Kipimo hiki kina maana tu ukikiunganisha na swali la mwanzo: hiki ni kikoa cha hoteli ninayoijua, au ni kitu kinachofanana nacho?

Barua ya pili haina kitufe cha juu. Anna anapeleka kishale juu ya kiungo cha chini bila kubofya, na kwenye kona ya kivinjari panatokea hiki:

```
http://zawadi-leo.example/out?e=YW5uYUBtZmFuby5leGFtcGxl
```

Herufi zile baada ya `e=` si fumbo kubwa. Ni anwani `anna@mfano.example` iliyoandikwa kwa mfumo wa Base64, ambao yeyote anaweza kuurudisha katika maandishi ya kawaida. Barua za halali nazo huweka alama ya mpokeaji kwenye viungo vyake, kwa hiyo alama peke yake haimtii mtu hatiani. Ila kwa mtumaji asiyefahamika, kubofya hapo ni sawa na kumwandikia kwamba Anna yupo. Barua hii aiachie, aibonyezee `Report spam`, basi. Asijibu kwa kuandika “niondoeni”. Na Gmail ikimuuliza kama anataka kuripoti na kujiondoa kwa pamoja, achague kuripoti tu.

Ikiwa mtumaji anafahamika lakini anakulazimu kupitia ukurasa wake, usifuate kiungo cha barua kama una njia nyingine. Andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoijua, ingia kwenye akaunti yako, uzime matangazo humo. Ukurasa wa kujiondoa ukiomba nywila, namba ya simu au namba ya kadi, ufunge. Hakuna kati ya hivyo kinachohitajika ili jina lako lifutwe.

Kabla hujaondoka, angalia usije ukazima na taarifa unazozihitaji, kama stakabadhi za malipo, ambazo wakati mwingine hutoka kwa mtumaji yuleyule. Kisha subiri siku chache. Kampuni inayofanya kazi nchini Tanzania ikiendelea kukutumia matangazo baada ya hapo, tuma ombi la maandishi na utunze nakala yake, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mtumaji wa zawadi za uongo, ambaye huenda hata bara hili hayupo, tume haitakusaidia sana. Huyo tengeneza kichujio kinachozituma barua zake moja kwa moja kwenye pipa la taka.